Jinsi ya Kuhariri Wasifu Mfupi Ulioandikwa na Akili Mnemba Mpaka Ufanane na Mwenyewe

Malalamiko yanayonifikia kuhusu kazi hii karibu yote ni ya aina moja. Mtu ameomba wasifu mfupi kwa akili mnemba, akaona umepoa, akaiambia mashine irudie "kwa namna ya kibinadamu zaidi", ikarudia, na bado aliyeandikwa akisoma anasema, "Hapa sijioni."

Kurudia hakusaidii kwa sababu mashine haina kitu kipya cha kusema. Uliipa jina, kazi na mji, nayo ikajaza nafasi iliyobaki kwa maneno yanayomfaa kila mwenye kazi hiyo. Ukiilazimisha iwe na uhai zaidi, huanza kutunga: itamtungia mtu utoto, mzee aliyemfundisha, hata mteja aliyelia kwa furaha. Kinachokosekana ni habari, na habari hizo ziko kwa mwenye wasifu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii utaifanya kwa masikio, kabla hujagusa sentensi hata moja.

Nitatumia mfano mmoja toka mwanzo hadi mwisho: fundi wa friji na viyoyozi wa Mwanza aliyetaka maelezo mafupi ya kuweka kwenye ukurasa wake wa biashara.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Rasimu ya mashine, kwenye karatasi au kwenye faili unaloweza kuchorea rangi.
- Nusu saa ya mwenye wasifu, ana kwa ana au kwa simu, na ruhusa yake ya kurekodi.
- Ujumbe wake wa sauti au wa maandishi aliomtumia mteja au mwenzake kazini, siyo aliouandika kwa ajili ya wasifu. Miwili mitatu inatosha.
- Vyeti vyake au picha za vyeti.
- Mtu mmoja anayemjua kwa kazi: mteja, msaidizi wake, au jirani wa karakana.
- Jibu la swali hili: maelezo yatakaa wapi, na nafasi ni kubwa kiasi gani? Instagram inaruhusu herufi 150 tu, X ni 160, na sehemu ya maelezo ya LinkedIn inafika 2,600. Ukianza bila kujua, utaandika mara mbili.

Kama huwezi kupata hiyo nusu saa ya mwenyewe, ahirisha. Bila yeye utakuwa unabadilisha maneno ya mashine kwa maneno yako, na yeye atabaki nje vilevile.

## Hatua ya 1: Pima kila sentensi kwa jina la mtu mwingine

Hii ndiyo rasimu ya fundi wetu kama mashine ilivyoitoa:

> Yeye ni mhandisi wa majokofu na viyoyozi mwenye shauku na aliyejitolea, mwenye uzoefu wa zaidi ya muongo mmoja katika utoaji wa suluhisho bunifu za ubaridi. Safari yake ilianza utotoni alipovutiwa na jinsi vitu vinavyofanya kazi. Akiwa na jicho makini kwa undani, anahudumia sio tu wateja wa majumbani bali pia biashara ndogo, za kati na kubwa. Anaamini kwamba kila mteja anastahili huduma bora, ya kuaminika na ya kitaalamu. Nje ya kazi, anafurahia kusafiri, kusoma na kutumia muda na familia yake.

Chukua sentensi moja moja. Weka jina la fundi mwingine wa mtaa huohuo, kisha weka la mtu wa kazi tofauti kabisa, tuseme mpiga picha au mshona nguo. Kama sentensi bado inasimama, ichoree nyekundu.

Kwenye rasimu hii, ukiondoa maneno "majokofu na viyoyozi" na "ubaridi", mshona nguo anaweza kuivaa yote. "Kila mteja anastahili huduma bora" hakuna atakayeipinga, na sentensi ambayo hakuna awezaye kuipinga haimwelezi mtu yeyote.

Rangi ya pili, ya njano, ni ya madai yanayohitaji ushahidi: "mhandisi", "zaidi ya muongo mmoja", "biashara kubwa", "ilianza utotoni". Hizi zina hatari kuliko zile nyekundu, kwa sababu zinasomeka kama ukweli. Nyekundu inachosha msomaji tu; njano inaweza kumletea mwenye wasifu matatizo.

Utajua umeifanya hatua hii sawasawa ukibakiwa na kidogo sana kisicho na rangi. Kwa fundi wetu vilibaki vitu viwili: aina ya vifaa anavyotengeneza, na kwamba anafika majumbani. Usishtuke, na usianze kuokoa sentensi kwa kuwa zinasikika vizuri.

## Hatua ya 2: Muulize kazi, usimuulize sifa

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Wanamkalisha mtu chini na kumuuliza, "Kwa nini unaipenda kazi yako?" au "Nini kinakutofautisha na wengine?" Maswali ya namna hiyo humfanya mtu avae suti. Atakujibu kwa maneno yaleyale ya mashine, kwa sababu mashine nayo imejifunza kwa watu waliokuwa wakijibu maswali hayo.

Muombe akusimulie tukio. Swali ninaloanza nalo ni hili: "Fundi, niambie kazi ya mwisho uliyofanya, tangu simu ilipolia mpaka ulipoondoka." Halafu nyamaza. Hivi ndivyo alivyojibu:

"Juzi, dada. Mama mmoja muuza samaki wa Kirumba alinipigia saa tatu usiku. Friza linawaka, linaunguruma, lakini samaki wanalainika. Fundi aliyenitangulia alimjazia gesi mara mbili mwezi uleule. Nikamwambia, mama, gesi ya friza haiishi kama mafuta ya taa. Ikipungua, kuna mahali inatokea. Nikapaka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba, moja la nyuma likaanza kutoa mapovu. Nikatoa gesi iliyobaki, nikachomelea, nikavuta hewa yote kwa pampu, ndipo nikajaza. Mimi sijazi gesi kabla sijapata panapovuja."

Sentensi ya mwisho ndiyo wasifu wake. Ina msimamo, inaeleza ujuzi bila kutaja neno ujuzi, na fundi mwingine hawezi kuikopa kama yeye hujaza gesi bila kutafuta tundu. Aliitamka kwa sababu alikuwa anasimulia friza. Ningemuuliza falsafa yake ya kazi, nisingeipata.

Maswali mengine yanayotoa habari ni haya:

- Kazi gani huwa unaikataa, na unamwelekeza mteja kwa nani?
- Wateja wanakosea nini kabla hawajakuita?
- Unaanza na kifaa gani ukifika, na kwa nini hicho?
- Mtu akikupigia, unatamani akuambie nini mapema?

Swali la kazi anayoikataa nalipenda kuliko yote. Fundi wetu alijibu papo hapo: viyoyozi vya magari hagusi. Mashine haiwezi kukuandikia hilo, kwa sababu imezoea kumfanya kila mtu aweze kila kitu. Msomaji naye humwamini zaidi mtu anayetaja mpaka wa kazi yake.

Tahadhari. Usimkatishe ili umrekebishie Kiswahili. Akisema "friza linaunguruma", liandike hivyohivyo. Usiligeuze kuwa "jokofu linalotoa sauti zisizo za kawaida". Na kama ametaja jina la mteja, au jina la fundi aliyeharibu, liweke pembeni. La mteja linahitaji ruhusa ya mteja. La fundi mwingine halihitajiki kabisa.

Dalili kwamba mazungumzo yamekwenda vizuri ni kwamba ameanza kukusahihisha. Ukisema "kwa hiyo ulibadilisha kompresa?" naye akajibu "hapana, kompresa ilikuwa nzima, ningeibadilisha ya nini?", ujue ameshasahau kinasa sauti.

## Hatua ya 3: Hakiki kila kilichochorewa njano

Soma madai ya njano mbele yake, moja moja, na uliza: "Hili ni kweli? Kuna karatasi?"

"Mhandisi" lilitoka hapohapo. Alisomea ufundi wa majokofu VETA na ana cheti cha fundi. Tanzania, uhandisi ni taaluma inayosajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na asiyesajiliwa haruhusiwi kisheria kujiita mhandisi. Mashine ilimpandisha cheo kwa kudhani inamsifia. Hali ni hiyohiyo kwa muuguzi anayeitwa daktari, karani wa hesabu anayeitwa mhasibu, na msaidizi wa sheria anayeitwa wakili. Kila palipo na cheo, linganisha na cheti kwa macho yako.

"Zaidi ya muongo mmoja" nalo halikuwa sahihi. Karakana yake aliifungua mwaka 2019, baada ya kufanya kazi chini ya fundi mwingine. Hapa nina kanuni moja: andika mwaka, usiandike idadi ya miaka. "Tangu 2019" itabaki kweli hata ukurasa usipoguswa kwa muda mrefu, lakini "uzoefu wa miaka sita" inakuwa uongo mwaka unaofuata.

"Biashara kubwa" hana. Wateja wake wengi ni wauza samaki na wenye mabucha. Alitaka tulibakize lile dai kwa sababu linampa hadhi. Nikamuuliza, mwenye bucha akisoma kwamba unahudumia makampuni makubwa, atadhani utakuja kwake saa ngapi? Akakubali litoke.

"Ilianza utotoni" ilikuwa ya kutunga yote. Alijiunga na kozi ile kwa sababu nafasi za umeme wa majumbani zilikuwa zimejaa. Hilo ni kweli na linapendeza kusikia, ila mwenye friza bovu halimsaidii kuamua, kwa hiyo halikuingia. Siyo kila kilicho cha kweli kinastahili nafasi.

## Hatua ya 4: Fungua ukurasa mtupu

Usihariri juu ya rasimu. Ifunge. Ukiendelea kuwa nayo mbele ya macho, utafuata mpangilio wake: sifa kwanza, kisha safari ya maisha, kisha imani, kisha familia. Mpangilio huo ndio unaomwonyesha msomaji kwamba hapa hakuna mtu, hata kama maneno yote umeyabadilisha.

Amua kwanza nani anayezungumza. Kwa ukurasa wa biashara ya mtu mmoja, "mimi" ni bora, kwa kuwa anayepiga simu atapokewa na huyohuyo. Kwa ratiba ya semina au kitabu cha wanachama, ambapo mwingine ndiye anayemtambulisha, tumia jina na kiambishi cha nafsi ya tatu. Usichanganye.

Sentensi ya kwanza ibebe kazi, mahali na vitu anavyoshughulika navyo, basi. Baada ya hapo fuata maswali ya msomaji kwa jinsi yanavyomjia. Mwenye friza lililozima anataka kujua kama utakuja, kama unaijua kazi, utafanya nini ukifika, na kama hutamlalia kwenye bei. Hivi ndivyo tulivyoandika:

> Natengeneza friji, friza na viyoyozi hapa Mwanza. Wateja wangu wengi ni wauza samaki wa Kirumba na wenye mabucha. Friza likizima kwao, mzigo hausubiri asubuhi, kwa hiyo simu ya usiku napokea. Nilisomea ufundi wa majokofu VETA, nikafanya kazi chini ya fundi mwingine, na mwaka 2019 nikafungua karakana yangu. Sijazi gesi kabla sijapata panapovuja. Ukiniita kwa sababu friza halishiki baridi, nitaanza na povu la sabuni kwenye maungio ya bomba. Nikikuta kompresa imekufa, nitakuonyesha kwenye mita kabla sijakutajia bei. Viyoyozi vya magari sifanyi. Ukinipigia, niambie tatizo limeanza lini na umeme wa kwenu ukoje jioni.

Linganisha na rasimu ya mwanzo. Hakuna neno "uaminifu", lakini anayesema atakuonyesha mita kabla ya bei umeshamwelewa. Hakuna "uzoefu", lakini anayeuliza umeme wa jioni anajua kwamba umeme mdogo huua kompresa, na mwenye friza aliyewahi kuunguza kompresa atatambua hilo mara moja.

## Hatua ya 5: Futa alama za mashine kwenye Kiswahili chenyewe

Hata ukiandika upya, baadhi ya alama huingia zenyewe, hasa kama umesoma maandishi mengi ya namna hiyo. Rasimu nyingi za Kiswahili huonekana zimefikiriwa kwa Kiingereza. Pitia ukizitafuta hizi:

"Yeye ni..." mwanzoni. Kiswahili kimeshaweka mtu ndani ya kitenzi. Badala ya "Yeye ni fundi ambaye anatengeneza", andika "Anatengeneza".

Nomino zinazoficha kitenzi. "Utoaji wa huduma za matengenezo" ni "kutengeneza". Ukiona "utoaji", "utatuzi", "uboreshaji" au "ufanikishaji", uliza nani anafanya nini, kisha andika jibu.

"Sio tu... bali pia." Muundo huu ni halali, ila mashine huutumia kila inapotaka kuongeza uzito. Vitaje vitu viwili kwa "na".

Sifa zikija tatu tatu. "Bora, ya kuaminika na ya kitaalamu." Bakiza moja unayoweza kuithibitisha kwa tendo, au ondoa zote uandike tendo lenyewe.

Misemo ya kuazima. "Jicho makini kwa undani", "safari yake", "kutumia muda na familia", "kuleta mabadiliko chanya". Jiulize kama umewahi kumsikia mtu akiyasema kibarazani. Kama hujawahi, toa.

Hapa kuna mpaka wa kuzingatia. Kukimbia lugha ya mashine kusikupeleke kumjazia mtu methali na misimu ambayo hatumii. Fundi wetu ni mtu wa maneno machache. Sentensi zake ni fupi, hukata shauri na kuendelea. Ningempachika "haba na haba" au mzaha wa mjini, ningekuwa nimembadilishia barakoa tu. Ule ujumbe wake wa sauti uliokusanya mwanzoni ndio kipimo: sikiliza urefu wa sentensi zake, anavyosalimia, anavyomwita mteja. Yeye kila mwanamke mteja anamwita "mama" na kila mwanaume "mzee", na hatumii "mpendwa mteja" hata mara moja.

## Hatua ya 6: Msomee kwa sauti

Usimtumie maandishi asome peke yake kwanza. Msomee wewe, polepole, naye akiwa hana karatasi. Akisoma mwenyewe atahariri kwa macho ya shule, atakuomba maneno makubwa. Akisikia, atapima kama angeweza kuyatamka.

Angalia anavyopokea. Akiitikia kwa kichwa au akimalizia sentensi kabla yako, hapo pamekaa. Akisema "ni nzuri" bila kuongeza neno, mara nyingi kuna kitu hakikumgusa, muulize, "Sentensi gani usingeisema wewe?" Fundi wetu alinisimamisha kwenye "mzigo hausubiri asubuhi". Nilidhani anaikataa. Alitaka tuhakikishe tumeandika "simu ya usiku napokea" na siyo "nafika usiku", kwa sababu kuna usiku anaoweza kumwelekeza mtu kwa simu tu, ahamishe samaki kwenye barafu mpaka alfajiri. Tofauti hiyo ndogo ingemgombanisha na wateja.

Kisha mpelekee yule anayemjua kwa kazi. Ficha jina na namba ya simu, na muulize: "Huyu ni nani?" Msaidizi wake wa karakana alifika kwenye gesi na panapovuja akamtaja. Kama anayemjua anasitasita, au anataja mafundi watatu, rudi hatua ya 2. Huna habari za kutosha, na hakuna uhariri wa maneno utakaoziba pengo hilo.

Tahadhari. Ukishapata idhini, usiyarudishe maelezo kwenye mashine "ikunyooshee kidogo". Itarudisha "shauku" na "huduma bora" mahali pake. Ukihitaji msaada wa tahajia, muombe mtu asome.

## Hatua ya 7: Punguza bila kuifinya

Maelezo marefu yakikubalika, tengeneza mafupi kwa kuchagua sentensi, siyo kwa kubana kila sentensi. Kubana kila kitu huondoa mahususi kwanza na kubakiza ya jumla, ukajikuta umerudi ulikotoka. Chagua vitu vitatu: anafanya nini na wapi, ile sentensi isiyokopeka, na mpaka wake.

Kwa herufi 150 za Instagram tulipata hii, yenye herufi 147 ukihesabu na nafasi:

> Fundi friji, friza na viyoyozi, Mwanza. Sijazi gesi kabla sijapata panapovuja. Simu ya usiku napokea kwa wenye samaki. Viyoyozi vya magari sifanyi.

VETA imetoka, na mwaka umetoka pia. Hiyo ni sawa, kwa kuwa vipo kwenye maelezo marefu. Ungelazimika kukata tena, toa sentensi ya magari, halafu ya usiku. Ya gesi usiiguse.

Hifadhi matoleo yote mawili pamoja na sauti uliyorekodi kwenye faili moja, na umpe mwenyewe nakala. Siku akianza kutengeneza viyoyozi vya magari, au akiacha kupokea simu za usiku, ataona ni sentensi ipi ya kubadilisha.